Udongo Unaobaki Kando ya Mtaro

Chukua kazi ya mita 600, kutoka tangi la kijiji hadi kilula, kwa bomba la plastiki la inchi nne, lenye milimita 110 kwa nje. Mtaro una upana wa sentimita 60 na kina cha mita 1.1. Zidisha urefu, upana na kina: mita za ujazo 396.

Kwenye mabomba, wengi hugawa 600 kwa 6 na kuagiza 100. Lakini kila bomba huingia ndani ya mdomo wa jenzake, tuseme sentimita 12, kwa hiyo linafunika mita 5.88 tu. Yanahitajika 103, na machache ya akiba.

Penye mawe, bomba hulazwa juu ya mchanga. Unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 36. Mchanga ukishindiliwa hupungua, basi agiza 43 hivi: safari tisa za lori la mita tano. Chini ya kila maungio fundi huchimba kishimo kidogo kwa mkono, mdomo mnene wa bomba ukae humo. Asipokichimba, bomba huning'inia kwenye midomo yake, katikati hakuna kinacholishikilia, na uzito wa udongo hulipinda. Maungio huachwa wazi hadi bomba lijazwe maji kwa presha na kukaguliwa kama linavuja.

Sasa kufukia. Bomba lenyewe linachukua mita za ujazo 5.7 tu. Toa hizo na mchanga kwenye 396, nafasi ya udongo ni kama 354. Zinazobaki ni 42.

Hapa ndipo kazi mbovu inapojulikana. Udongo uliochimbwa huvimba, mara nyingi kwa robo, na zile 396 zinakuwa rundo la 495. Ukirudishwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila moja ikishindiliwa mpaka ukaribie ugumu wake wa awali, kando ya mtaro hubaki rundo la mita 52 hivi. Ukimwagwa tu kwa koleo, mtaro unajaa upesi na nje zinabaki 141, karibu mara tatu. Msimamizi anayeona rundo kubwa namna hiyo asikubali kwamba udongo "umezidi". Haukushindiliwa.

Tabaka la kwanza, la kuzunguka bomba hadi sentimita 15 juu yake, liwe udongo laini uliochekechwa, ushindiliwe pembeni kwa mguu au kishindilio chepesi, kamwe si juu ya bomba. Jiwe moja lenye ncha linatosha kulitoboa polepole, miezi baadaye.

Udongo uliomwagwa ovyo ukinyeshewa hushuka, hata sentimita 20, na mtaro unageuka mfereji unaokusanya maji ya mvua na kuchukua udongo uliolifunika bomba. Kwa hiyo malipo ya mwisho yasisainiwe kabla ya mvua za kwanza kupita na mtaro kutembelewa kwa miguu, kutoka tangi hadi kilula.