Sikio Likiziba Baada ya Kuogelea au Mafua

Kijana ameogelea Kigamboni Jumamosi mchana. Anapotoka majini anahisi sikio la kulia limeziba. Analaza kichwa, anaruka kwa mguu mmoja, matone machache yanatoka, lakini sikio linabaki zito. Jumapili asubuhi limekuwa zito zaidi, na nyumbani wanamwambia maji yameingia kichwani.

Maji hayawezi kuingia kichwani kwa njia hiyo. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 2.5 tu, na mwisho wake umezibwa na ngoma ya sikio. Mara nyingi kilichobaki humo ni nta iliyokuwa imeacha upenyo mwembamba, kisha ikanywa maji, ikavimba na kuuziba. Dalili zake zinaeleweka: kuziba kunaanza ghafla baada ya kuogelea au kuoga, hakuna maumivu wala homa, na hata umeze mate namna gani hakuna kinachobadilika.

Kijana wetu akichukua kijiti cha pamba atakuwa anaishindilia nta ndani zaidi. Afadhali alale ubavu, sikio lililoziba likiwa juu, atiwe matone 2 au 3 ya mafuta ya zeituni yenye uvuguvugu wa mwili, atulie dakika 5 hadi 10. Afanye hivyo mara mbili kwa siku, kwa siku 3 hadi 5. Siku za mwanzo sikio linaweza kuziba zaidi kwa sababu nta inalainika, na hilo lisimtishe. Ikigoma kutoka, aende zahanati au hospitali wamwoshe sikio kwa maji yenye joto la mwili. Maji ya baridi au ya moto humfanya mtu aone kizunguzungu. Aliyewahi kutokwa usaha, au aliyeambiwa ngoma yake ina tundu, asitie mafuta wala asioshwe sikio kabla mganga hajalitazama kwa kurunzi yake.

Sasa tuseme Jumanne sikio linaanza kuwasha, kisha linauma. Abonyeze kile kinyama kigumu kinachochomoza mbele ya tundu, au avute sikio taratibu. Maumivu yakizidi papo hapo, huenda ngozi ya ndani ya tundu imeshambuliwa na vijidudu, jambo linalowapata sana waogeleaji. Hapo mafuta hayasaidii. Anahitaji dawa ya matone aliyoandikiwa na daktari, na sikio likae kavu mpaka lipone. Vidonge mara nyingi havihitajiki.

Kuziba kunakokuja na mafua ni jambo jingine, kwa sababu tatizo liko nyuma ya ngoma. Kuna mrija mwembamba unaotoka huko hadi nyuma ya pua, nao hufunguka kila tunapomeza au kupiga miayo ili hewa ipite. Mafua yakiuvimbisha, hewa iliyonaswa inafyonzwa, ngoma inavutwa ndani na majimaji yanajikusanya. Mgonjwa husikia sauti yake mwenyewe ikivuma kichwani, na akimeza mate sikio linalia "tik" na pengine kufunguka kidogo. Mafuta yakitiwa hayafiki huko. Kwa kawaida hali hii huisha yenyewe ndani ya wiki chache, ingawa kwa mtoto majimaji yanaweza kukaa hata miezi 3. Mzazi atamwona akiongeza sauti ya redio, au akiuliza "nini?" kila anapoitwa.

Majimaji hayo yakiingiwa na vijidudu, maumivu huwa makali ya kupwita, na homa inapanda. Mtoto hulia usiku akishika sikio. Wakati mwingine ngoma inapasuka, usaha unatoka na maumivu yanatulia mara moja, kisha familia inadhani amepona. Ndipo hasa anapotakiwa kupelekwa hospitali, kwa sababu usaha ukiachwa utoke kwa wiki nyingi unaweza kuharibu usikivu.

Iko hali moja inayofanana na hizi zote, nayo ni ya hatari: mshipa wa fahamu wa kusikia kudhoofika ghafla. Mtu huamka sikio moja limeziba, haliumi, na anajisemea ni nta. Fumba mdomo ugune "mmmm". Sauti ikivuma zaidi upande ulioziba, huenda ni nta au majimaji. Ikivuma zaidi upande mzima, nenda hospitali siku hiyo hiyo uonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Jaribio hili halina uhakika kamili, kwa hiyo aliyepoteza usikivu ghafla bila sababu inayoonekana naye aende, hata kama mguno umempa jibu zuri. Matibabu yake ni dawa za steroidi, ambazo hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya siku za mwanzo. Wiki kadhaa za kutia mafuta zinaweza kumgharimu sikio hilo.