Kwa nini vyeti vyako hugoma kupakiwa kwenye tovuti, na namna ya kuvipunguza uzito

Na Mwandishi Wetu

WAOMBAJI wengi wa kazi na wa nafasi za vyuo wanaijua adha hii. Tangazo linasema mwisho wa kupokea maombi ni saa sita usiku. Mwombaji amejaza fomu yote, ameambatanisha vyeti, amebonyeza kitufe cha kutuma na kungoja dakika nne, kisha tovuti inamjibu kwamba faili ni kubwa mno. Wakati mwingine haimjibu lolote, bali humrudishia fomu ikiwa tupu.

Wengi hulaumu mtandao, hujaribu mara tatu au nne, na kila jaribio hula kifurushi cha simu. Lakini mara nyingi mtandao hauna kosa. Faili lenyewe limezidi kipimo kilichowekwa upande wa pili, na hata likitumwa mara mia litakataliwa mara mia.

Kompyuta inayopokea maombi, yaani seva, huwekewa kikomo cha ukubwa wa faili ili isijazwe na mizigo ya watu wachache. Mara nyingi kikomo hicho hakikuamuliwa na ofisi husika, bali kilikuja pamoja na programu na kuachwa kilivyo. PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi duniani, huja na kikomo cha megabaiti 2 kwa faili moja na megabaiti 8 kwa fomu nzima pamoja na viambatanisho vyake. Programu ya seva iitwayo nginx huja na kikomo cha megabaiti 1 tu.

Ndiyo maana dalili hutofautiana. Ukiona maneno "413 Request Entity Too Large", basi seva imelikataa faili mlangoni. Fomu ikirudi tupu huku ikidai kwamba hukujaza jina wala anwani ilhali ulijaza, yaelekea fomu nzima imezidi kikomo cha PHP, ambayo katika hali hiyo huiachia tovuti fomu isiyo na kitu ndani. Tovuti hudhani hukuandika chochote. Hapo kujaza upya hakusaidii, dawa ni kupunguza faili.

Uzito hutoka wapi?

Barua ya maombi ya ukurasa mmoja iliyochapwa kwa kompyuta kwa kawaida haina uzito wa kutisha, kwa kuwa kompyuta huhifadhi herufi tu. Cheti kilichopigwa picha au kupitishwa kwenye skana ni jambo jingine. Kwa kompyuta hayo si maandishi tena, ni picha iliyoundwa na nukta nyingi ndogo za rangi, na kila nukta lazima ihifadhiwe, hata ile ya karatasi nyeupe isiyo na neno.

Karatasi ya A4 ikipitishwa kwenye skana kwa kipimo cha nukta 300 kwa inchi huwa na nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu, yaani takriban milioni 8.7. Kila nukta ya rangi huchukua baiti tatu, hivyo ukurasa mmoja hufikia megabaiti 25 kabla ya kubanwa. Mbinu ya kubana iitwayo JPEG huupunguza sana, lakini mara nyingi kurasa chache bado hutosha kuvuka kikomo.

Habari njema imo katika hesabu hiyo hiyo. Ukishusha kipimo kutoka nukta 300 hadi 150 kwa inchi, upana hupungua kwa nusu na urefu kwa nusu, hivyo nukta zote hubaki robo. Kwa kusoma kwenye kioo cha kompyuta, nukta 150 zinatosha kwa vyeti vilivyo vingi.

Mfano wa vyeti vitano

Tuchukue mwombaji aliyepiga picha vyeti vyake vitano kwa simu yenye kamera ya megapikseli 12. Kila picha ina megabaiti 4, na alipoziunganisha kuwa faili moja la PDF, likafikia megabaiti 20. Tovuti inapokea megabaiti 2, ambazo ni sawa na kilobaiti 2,048. Kwa hiyo kila ukurasa usizidi kilobaiti 400.

Kama ana vyeti halisi na skana iko karibu, njia bora ni kuanza upya. Amwombe mwenye duka la steshenari aweke kipimo cha nukta 150 kwa inchi, rangi ya kijivu badala ya rangi zote, na kuhifadhi kwa PDF. Asikubali ile nyeusi na nyeupe tupu, ingawa ndiyo nyepesi kuliko zote, kwani mhuri hafifu na saini ya wino wa buluu huweza kupotea.

Kama ana picha za simu pekee, programu ya Word inatosha. Aziingize picha hizo kwenye ukurasa, moja kwa kila ukurasa, na kila moja aikuze au kuipunguza hadi ijaze nafasi yake, maana Word hupima nukta kulingana na ukubwa wa picha inavyoonekana pale. Kisha aibonyeze picha moja, aende "Picture Format" na kuchagua "Compress Pictures". Aondoe alama kwenye "Apply only to this picture", aache alama kwenye "Delete cropped areas of pictures", na achague 150 ppi. Asipofuta sehemu alizokata, hubaki zimefichwa ndani ya faili na kuongeza uzito. Mwishowe ahifadhi kwa PDF akichagua "Minimum size".

Mwenye faili la PDF tayari na kompyuta yenye programu ya bure ya Ghostscript anaweza kutumia amri moja:

```
gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=vyeti2.pdf vyeti.pdf
```

Neno "/ebook" huelekeza picha zishushwe hadi nukta 150. Kwenye Windows, amri huanza kwa gswin64c badala ya gs.

Baadhi ya watu hulifunga faili kwa zipu. Kwa picha za vyeti hilo halisaidii, kwa sababu JPEG imekwisha kubanwa na zipu haipati cha kubana tena. Aidha, ziko tovuti zinazopunguza faili bure, lakini kumbuka kwamba unapeleka vyeti vyenye jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya mtihani kwenye kompyuta ya mtu usiyemfahamu.

Kabla ya kutuma, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua "Properties" na usome ukubwa wake. Kisha lifungue, uliongeze hadi asilimia 100, na usome namba ya mtihani, alama za masomo na maandishi ya mhuri. Likiwa chini ya kikomo lakini namba 3 haitofautiani na 8, umelibana kupita kiasi, na atakayelipokea hataweza kulihakiki. Rudi kwenye faili la awali na ushushe kidogo kuliko mwanzo. Kwa sababu hiyo faili la awali lisifutwe kamwe: nukta zikishaondolewa hazirudishwi na programu yoyote.