Kunukuu Maneno ya Mtu Mwingine Katika Kitabu Chako

Katika Nakuru, Njoro, Molo na Gilgil wako watu wengi wenye miswada iliyokwisha pigwa taipu, na mingi yao ni habari za mashamba makubwa ya zamani na watu waliofanya kazi humo. Mwandishi wa habari za namna hiyo hawezi kuepuka kutumia maneno ya wengine: barua ya bwana shamba, beti za shairi, wimbo ulioimbwa wakati wa mavuno. Basi mpiga chapa humwuliza, "Je, ruhusa unayo?" na mswada hurudishwa nyumbani.

Tuchukue mfano mmoja, na tuufuate hatua kwa hatua. Tuseme karani mmoja wa Njoro anaandika kwa Kiswahili kitabu juu ya mji wake. Amesoma kitabu kiitwacho Nellie, alichokitoa Bibi Elspeth Huxley mwaka 1980, chenye barua za mama yake, Bibi Nellie Grant, aliyelima Njoro kwa miaka mingi. Karani ataka kutia barua moja nzima, yenye maneno kama 400, katika sura yake ya tatu.

Jambo la kwanza ni kujua maneno hayo ni ya nani, na hapo wengi hupotea, kwa kuwa hutazama jina lililo juu ya jalada na kuishia hapo. Maneno ya barua ni mali ya aliyeiandika, si ya aliyeipokea wala aliyeikusanya. Kwa hiyo katika kitabu hicho kimoja mna haki mbili: maelezo ni ya Bibi Huxley, na barua ni za mama yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda maandishi maisha yote ya mwandishi, na miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliokufa. Bibi Grant alifariki mwaka 1977, basi hapa Kenya barua zake zinalindwa mpaka mwisho wa mwaka 2027. Bibi Huxley alifariki mwaka 1997, na maelezo yake yanalindwa mpaka mwisho wa mwaka 2047. Uingereza huhesabu miaka 70, kwa hiyo kitabu cha karani wetu kikiuzwa London, hesabu ya kule ni nyingine. Kwa hesabu ya Kenya, mashairi ya Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, yamekuwa huru katika Kenya tangu Januari 1, 2013.

Huenda msomaji akasema, "Lakini nimesikia kwamba mistari minne haina neno." Maneno hayo husemwa sana, wala hayamo katika sheria. Sheria yetu haitaji idadi ya mistari wala ya maneno. Yaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya uhakiki, utafiti au habari za siku hizo, mradi chanzo kitajwe. Anayenukuu mistari miwili ya shairi ili aeleze ubora au upungufu wake, anahakiki. Anayeiweka mistari hiyo hiyo peke yake juu ya sura ili ipendeze, hahakiki kitu. Tena mistari minne ya shairi lenye mistari kumi na miwili ni theluthi nzima ya mali ya mtu. Barua nzima ya karani wetu haiwezi kuitwa kipande kidogo, lazima aombe.

Aombe kwa nani? Afungue ukurasa ulio nyuma ya ule wa jina la kitabu, aone jina la mchapishaji na alama ya haki, kisha amwandikie mchapishaji huyo, idara ya ruhusa. Mara nyingi jibu huwa kwamba haki zilikwisha rudi kwa warithi, nao wana wakala wao. Basi barua nyingine iende huko. Mambo haya huchukua miezi, hivyo asingoje mpaka kitabu kiwe mitamboni.

Barua ya maombi iwe fupi, lakini isikose kitu. Itaje kitabu kinachonukuliwa, mwaka na toleo lake, ukurasa, maneno ya kwanza na ya mwisho ya kipande, na hesabu ya maneno yote. Kisha itaje kitabu chako mwenyewe: jina, mchapishaji, nakala zitakazopigwa, bei, nchi kitakamouzwa, na kama kitasomwa pia kwa simu na kompyuta. Ambatanisha nakala ya ukurasa wa mswada unaoonyesha mahali kipande kitakapokaa. Karani wetu ana neno moja zaidi ambalo wengi hulisahau: barua zile ni za Kiingereza, naye aandika Kiswahili. Kutafsiri ni haki ya mwenye maneno kama ilivyo kuchapa, basi aombe yote mawili waziwazi.

Jibu likija, lisomwe polepole. Pengine litadai ada, na mikataba mingi ya wachapishaji humwachia mwandishi kuilipa. Pengine litasema "toleo la kwanza, nakala 1,000, Kenya tu." Hapo nakala zikipelekwa kuuzwa Kampala, au kitabu kikipigwa chapa mara ya pili, ruhusa haipo tena. Na asipojibiwa kabisa? Kimya si ruhusa. Aandike tena, na akikosa, aeleze habari ile kwa maneno yake mwenyewe, kwa kuwa sheria hulinda maneno, haizuii mtu kusimulia jambo lililotokea.

Nyimbo zina ugumu wake. Ni fupi, basi ubeti mmoja huwa sehemu kubwa ya wimbo, na wenye nyimbo hawapendi kuutoa bure. Tena aliyeimba si lazima awe ndiye aliyetunga. Malaika, wimbo ujulikanao Afrika Mashariki nzima, ulivuma kwa sauti ya Fadhili William, aliyefariki mwaka 2001, lakini watu wengine, miongoni mwao Adam Salim, wametajwa kuwa watungaji wake. Palipo na ugomvi wa namna hiyo, ruhusa ya mmoja haikukingi na mwingine. Ni afadhali kuutaja wimbo kwa jina tu, kwa kuwa jina halihitaji ruhusa. Na kibali cha kupiga muziki hotelini au katika matatu hakimpi mtu haki ya kuchapa maneno yake.

Mtunzi akiwa jirani yako, huenda akakuambia kwa mdomo, "Tumia tu, ndugu yangu." Ruhusa ya mdomo yakubaliwa na sheria, lakini yaweza kuondolewa wakati wowote, hata nakala zikiwa dukani. Iliyotolewa kwa mkataba haiondolewi ila kama mkataba wenyewe usemavyo. Basi mpelekee karatasi atie sahihi, na mlipe kitu, hata kama ni kidogo.

Zimebaki nyimbo za kikabila zisizo na mtunzi ajulikanaye. Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet wimbo wa wasichana wa Kipsigis uitwao Chemirocha, na sauti hizo zimehifadhiwa katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, iliyoko sasa katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Anayetaka kuuchapa wimbo kama huo atofautishe mambo matatu: sauti iliyorekodiwa, tafsiri iliyochapwa, ambayo ni kazi ya mfasiri, na maneno yenyewe, ambayo ni ya jamii. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi yataka jamii iombwe na ikubali kabla ya matumizi. Kwa hiyo safari ya Kapkatet hutangulia barua ya Afrika Kusini, na mwandishi akifika aulize pia kama wimbo una maneno yasiyofaa kuandikwa.