Kodi ya fremu na sare za Januari: tenga kwanza, ndipo ununue mbuzi

Msikilizaji, Januari haiji kwa kushtukiza. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu na madaftari bado ni vya mzazi. Mwenye fremu naye anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Tuchukue mfano wa mama lishe wa hapa Mhunze, kwa bei za kukadiria. Akishatoa matumizi ya nyumbani, kila mwezi hubakiwa na shilingi 150,000. Mwanzoni mwa Januari anadaiwa kodi ya fremu 240,000 na sare za watoto wawili 90,000. Mwanzoni mwa Machi analipa bima ya afya ya familia 60,000.

Anaanza kutenga Septemba. Wengi hapa hukosea kwa kugawa kwa miezi 12, wakati Januari imebakiza miezi minne tu. Kodi na sare ni 330,000. Gawa kwa nne, unapata 82,500 kwa mwezi. Bima imebakiza miezi sita, kwa hiyo ni 10,000 kwa mwezi. Jumla anatenga 92,500, na 57,500 inayobaki ndiyo ya kununulia mbuzi au hisa za VICOBA.

Huo ndio wakati mgumu. Akishalipa Januari, anaanza upya: kodi ya Julai 40,000 kwa mwezi, na sare za mwaka unaofuata 7,500. Kuanzia Machi bima nayo inashuka hadi 5,000. Sasa anatenga 52,500 tu, na za kuwekeza zinafika 97,500.

Asipotenga, akaingiza zote 150,000 kwenye mbuzi, Januari itamlazimu kuwapeleka mnadani kwa haraka. Mnunuzi akijua una shida, bei anapanga yeye.

Wanaotegemea pamba hawana fedha ya kila mwezi. Hao watenge gharama zote za mwaka siku ileile wanayolipwa, kabla ya kununua chochote.

Fedha hizo zikae wapi? Zisikae kwenye hisa za VICOBA, kwa sababu mgao hutoka mwisho wa mzunguko, na huenda mwenye fremu akadai kabla ya hapo. Akaunti ya benki au laini ya simu isiyotumika kwa biashara inafaa, ila ongeza makato ya kutoa. Andika kwenye daftari kila fungu na mwezi wake. Ukiona umechota fedha ya sare kununua mchele, fungu limepungua: lililobaki kulipwa ligawe upya kwa miezi iliyobaki.

Na kabla ya Desemba, pita dukani uulize bei ya sare. Ikiwa imepanda, ongeza kiasi mapema.