Vipimo vya Bure Viandikwe Wapi?

Tuchukue mfano wa tabibu anayesoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Tasnifu yake inapima usahihi wa kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu ya kidoleni, kwa watoto wanaoletwa zahanati wakiwa na homa. Majibu ya kipimo analinganisha na ya darubini. Karo amelipiwa na mwajiri wake. Vipimo 600 amepewa bure na kampuni inayoviingiza nchini. Nauli na posho za wasaidizi ametoa mfukoni mwake. Mdogo wake ni ofisa mauzo wa kampuni hiyohiyo, na ndiye aliyemkutanisha na meneja.

Siku ya kukabidhi ikikaribia, anafanya wanavyofanya wengi: anafungua tasnifu ya aliyemtangulia na kunakili kurasa za mwanzo. Kwenye shukrani anaishukuru kampuni "kwa msaada wake mkubwa". Kwenye ufadhili anaandika kwamba utafiti haukupata ufadhili wowote. Kwenye maslahi anaandika kwamba hana mgongano wowote. Hakukusudia kumdanganya mtu. Kwake yeye ufadhili ni hela, na hela hakupewa. Hata hivyo matamko yote mawili si ya kweli, na ile shukrani imefunika kitu ambacho msomaji alistahili kukijua.

Ufadhili ni chochote kilichowezesha utafiti ufanyike, iwe fedha, vifaa, vitendanishi, gari la kwenda kijijini au muda wa mtaalamu anayelipwa na mtu mwingine. Bila vile vipimo 600, tasnifu hii isingekuwepo. Kwa hiyo tamko liseme nani katoa, katoa nini, kimetumika katika kazi gani, na kama mtoaji alikuwa na sauti yoyote ndani ya utafiti. Palipo na namba ya ruzuku, iandikwe kama ilivyo kwenye barua ya ufadhili, kwa sababu wafadhili wakubwa huitumia kufuatilia kazi walizolipia. Mwanafunzi wetu angeweza kuandika hivi, akitaja kila mhusika kwa jina kamili:

"Karo ya mwandishi ililipwa na mwajiri wake. Vipimo 600 vilitolewa bila malipo na kampuni inayoviuza hapa nchini. Nauli na posho za wasaidizi zililipwa na mwandishi mwenyewe. Kampuni haikushiriki kubuni utafiti, kukusanya au kuchambua takwimu, wala kuandika tasnifu hii."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayonakiliwa bila kufikiriwa, nami naiona ndiyo nzito kuliko zote. Inaandikwa pale tu ambapo ni kweli. Tuseme meneja aliomba kusoma pendekezo la utafiti, akashauri kwamba watoto waliotumia dawa ya malaria ndani ya wiki nne zilizopita wasiingizwe. Unaonekana ushauri wa kawaida tu. Lakini vipimo vingi vya aina hii hunasa protini ya kimelea ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Mtoto aliyekwisha kutibiwa na kupona anaweza kuonyesha mistari miwili kwenye kipimo, huku mtu wa darubini haoni kitu. Ukiwaondoa watoto wa namna hiyo, majibu ya uongo yanapungua na kipimo kinapendeza kwenye jedwali. Kwenye zahanati yenyewe, ambako mzazi huenda alishanunua dawa dukani kabla ya kuja, mambo hayatakuwa hivyo.

Kuwaondoa kunaweza kuwa na sababu nzuri ya kitaalamu, na mwanafunzi ana haki ya kuitetea. Ila tamko lake sasa libadilike: "Kampuni ilisoma pendekezo la utafiti na kushauri kigezo cha kutowahusisha watoto waliotumia dawa karibuni, mwandishi na msimamizi walikubali ushauri huo kwa sababu zilizoelezwa katika sura ya 3." Mtahini akisoma hapo anajua aangalie wapi. Vivyo hivyo, kama barua ya makubaliano inaipa kampuni haki ya kuona matokeo kabla hayajatoka, hilo nalo liandikwe.

Tukija kwenye maslahi, watu wengi huogopa kuandika chochote wakidhani ni kukiri kosa. Kuwa na ndugu kwenye kampuni si kosa. Kosa ni msomaji kuligundua baadaye kwa njia zake. Fomu ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba inaweza kumsaidia mwanafunzi hata kama chuo chake hakiitaki. Kwa msaada uliohusu kazi yenyewe, haiweki ukomo wa muda. Kwa mahusiano mengine, kama malipo ya ushauri, hisa, hataza na safari zilizolipiwa, inarudi nyuma miezi 36. Ndugu wa karibu naye atajwe kwa uhusiano wake, bila haja ya jina: "Mdogo wa mwandishi ni mwajiriwa wa idara ya mauzo ya kampuni iliyotoa vipimo."

Palipo pagumu ni kwa msimamizi. Huenda mwaka jana alilipwa na kampuni hiyo kuendesha semina ya wahudumu wa afya, na mwanafunzi anajua. Kumuuliza mkubwa wako mambo ya malipo kunatia haya. Njia ya heshima ni kumpelekea tamko lako likiwa tayari: "Mwalimu, upande wangu nimeandika hivi. Naomba unielekeze niandike nini upande wako." Wengi wakiulizwa hivyo hujibu.

Mfano unaojulikana wa madhara ya kuficha ni wa daktari Mwingereza Andrew Wakefield. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Lanseti makala kuhusu watoto 12, iliyozua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Mwaka 2004 mwanahabari Brian Deer alifichua kwamba Wakefield alikuwa akilipwa kupitia wakili aliyeandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo, na kwamba baadhi ya watoto wale walikuwa wa familia zilizokuwa wateja wa wakili huyo. Makala ilifutwa mwaka 2010, na mwaka huohuo Wakefield akaondolewa kwenye daftari la madaktari. Yalikuwapo makosa mengine pia. Lakini kama chanzo cha fedha kingetajwa tangu mwanzo, wahariri wangekuwa na sababu ya kuuliza watoto wale walipatikanaje.

Mambo hayo yakishakaa mahali pake, shukrani zinabaki huru. Mshukuru mama, mwenza na majirani waliokulelea mtoto. Aliyefanya kazi ya kitaalamu atajwe kwa kazi yake, kwa mfano "alichambua takwimu za sura ya 4", na aombwe idhini kwanza, maana jina lake likiwemo msomaji hudhani anakubaliana na matokeo. Wagonjwa washukuriwe kwa pamoja, asitajwe hata mmoja.

Kabla ya kukabidhi, weka mezani kurasa hizo, bajeti uliyoipeleka kamati ya maadili na fomu ya ridhaa waliyosomewa wazazi. Kama fomu ilisema utafiti unagharamiwa na mwanafunzi peke yake, na vipimo vya kampuni vikaja baadaye, sentensi ndani ya tasnifu haitoshi. Iandikie kamati kueleza badiliko hilo, ufuate itakachoagiza, na nakala ya barua uibakize. Hesabu pia vipimo vilivyosalia. Kama vilitumika 540 na 60 ukaviacha zahanati, tamko liseme hivyo, kwa kuwa zahanati iliyokupa wagonjwa nayo imepokea mali ya kampuni.