Ugomvi wa biashara: usuluhishi si sawa na tribinali

Tuseme mfanyabiashara wa Goma na mwenzake wa Bukavu wanagombania malipo ya saruji. Kama mkataba wao una kifungu cha usuluhishi, tribinali haisikilizi kesi hiyo ikiwa mmoja wao anapinga. Hakimu hawamchagui, lakini msuluhishi wanamchagua na kumlipa wenyewe.

Kwa sheria ya OHADA, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2012, msuluhishi ana miezi 6 ya kuamua kama hawakupatana muda mwingine. Uamuzi wake hauna rufaa. Hufutwa kwa makosa machache tu, mfano upande mmoja kunyimwa nafasi ya kujitetea. Lakini aliyeshindwa akikataa kulipa, mshindi huenda tribinali kuomba idhini ya kukamata mali.