Matubwitubwi: Siku Tano za Kukaa Kando

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge na Kashikishi hadi visiwa vya Kilwa na Chisenga, maisha ni ya pamoja. Wavuvi hulala katika kambi moja, watoto hubanana darasani, na kikombe kimoja cha munkoyo huzunguka mikononi mwa watu wengi. Mazingira ya namna hiyo ndiyo yanayopendwa mno na ugonjwa wa matubwitubwi, ambao wengine huuita perema.

Mwaka 1934 watafiti wawili wa Marekani, Johnson na Goodpasture, walithibitisha kwamba ugonjwa huu huletwa na virusi. Virusi hivyo hukaa katika mate, navyo husafiri kwa chafya, kikohozi, mazungumzo ya karibu na vyombo vya kunywea vilivyolambwa na mgonjwa. Kwa kuwa ni virusi, penisilini na dawa za jamii yake haziviui.

Ugonjwa huanza kwa homa, kuumwa kichwa na uchovu. Kisha tezi ya mate iliyo mbele na chini ya sikio huvimba, mara nyingi upande mmoja kwanza na wa pili baadaye. Taya huuma wakati wa kutafuna, koo huuma wakati wa kumeza, na kitu kichachu kama ndimu huzidisha maumivu kwa sababu huamsha tezi itoe mate. Dalili ya kuitambua ni hii: uvimbe huifunika pembe ya taya na kuisukuma ndewe ya sikio juu na nje. Uvimbe wa jino bovu hukaa karibu na jino lenyewe, na ule wa mafindofindo huwa chini ya taya, shingoni.

Tatizo kubwa la matubwitubwi limo katika hesabu ya siku. Tuseme mtoto wa Kashikishi amevimba shavu tarehe 10 Julai. Alikwisha kuanza kuambukiza wenzake tangu tarehe 8, alipokuwa bado akicheza. Ataendelea kuambukiza kwa siku tano baada ya uvimbe kuanza. Kwa hiyo inampasa akae nyumbani hadi tarehe 15 ipite. Mwenzake aliyeambukizwa tarehe 8 hataonyesha lolote upesi. Kwa kawaida atavimba baada ya siku 16 hadi 18, yaani kati ya tarehe 24 na 26, lakini ataanza kueneza ugonjwa siku mbili kabla. Huo ndio wakati ambapo watu wa Luapula humiminika Mwansabombwe kwa sherehe ya Mutomboko, mwishoni mwa Julai. Kijana ajionaye mzima hupanda gari na virusi mdomoni.

Hapana budi kukiri, basi, kwamba kumtenga mgonjwa hakuzuii kila ambukizo. Zaidi ya hayo, baadhi ya walioambukizwa hawavimbi kabisa. Hata hivyo, siku tano za kutengwa huondoa sehemu kubwa ya hatari, na waliokaa naye nao huangaliwa kwa siku 25. Kutengwa si kufukuzwa. Mgonjwa hupewa mahali pake pa kulala, kikombe chake na sahani yake. Haendi shule, kanisani wala kambini. Hupewa uji laini, maji mengi, kitambaa chenye maji baridi shavuni, na parasetamoli kwa kipimo kinachofaa. Aspirini asipewe mtoto.

Wapo wasemao kwamba huu ni ugonjwa wa watoto na hupita wenyewe. Ni kweli kwamba wengi hupona katika muda wa siku kumi hivi. Lakini mwanamume aliyekwisha kubalehe yumo katika hatari nyingine: kati ya wasiochanjwa, hadi watatu katika kumi huvimba korodani. Utasa kamili ni nadra, ila maumivu ni makali na korodani yaweza kusinyaa. Wengine hupata homa ya utando wa ubongo, na wachache hupoteza kusikia. Kwa hiyo mvuvi mwenye shavu lililovimba akipanda mtumbwi, hawatii hatarini watoto bali wanaume wenzake.

Shingo ikikakamaa, kichwa kikiuma kupita kiasi, tumbo likisokota pamoja na kutapika, au korodani ikivimba, mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja.

Chanjo ya matubwitubwi imekuwapo tangu mwaka 1967, lakini ile ambayo Zambia ilianza kuwapa watoto wote mwaka 2016 ni ya surua na rubela tu. Mtoto aliyechanjwa surua asidhaniwe kuwa amekingwa na matubwitubwi. Asiye na chanjo hiyo, wala hajapata kuugua, kinga yake ni kutofikiwa na mate ya mgonjwa.